Ngazi ya mita 5 au ya mita 6 kwa ukuta wa mita 4.8?

Chukua nyumba ya chini, zile za paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambazo mafundi huziita kontemporari. Kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa ukuta ni mita 4.8. Paa la namna hii lina mifereji iliyojificha juu, na majani yakiziba mdomo wa bomba la maji, mvua ya kwanza tu inaingia darini. Kwa hiyo mtu lazima apande mara kwa mara, na ili apande anahitaji ngazi. Dukani kuna mbili: moja ya mita 5, nyingine ya mita 6. Ya mita 5 ni nyepesi, ni rahisi kuibeba peke yako, na 5 ni kubwa kuliko 4.8. Wengi huishia hapo na kulipa.

Tatizo ni kwamba ngazi haisimami wima. Inalala kidogo, na kulala huko kunakula sehemu ya urefu wake. Inakula kiasi gani? Hilo ndilo linaloamua ipi ununue, na kulijua kunahitaji kanuni moja tu ya darasani, ile ya Pithagorasi.

Hesabu kwa ngazi zote mbili

Ukuta umesimama wima, ardhi imelala, na mahali zinapokutana pana pembe mraba. Ngazi ni upande wa tatu, ule mrefu, unaoikabili pembe hiyo. Kanuni inasema: urefu wa ngazi ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na jumla ya kimo cha ukutani kikizidishwa kwa chenyewe na umbali wa mguu ukizidishwa kwa wenyewe. Sisi tunajua ngazi na umbali wa mguu, tunatafuta kimo. Kwa hiyo tunatoa, kisha tunatafuta kipeuo cha pili:

```
kimo = √(ngazi × ngazi − mguu × mguu)
```

Mguu uwekwe umbali gani na ukuta? Desturi iliyoenea, na ndiyo iliyomo katika kanuni za usalama kazini za Marekani na Uingereza, ni kiasi cha robo: kwa kila mita nne, mguu utoke mita moja. Hapo ngazi inasimama kwa pembe ya digrii 75 hivi na ardhi. Ukiilaza zaidi, mguu unataka kuteleza kurudi nyuma. Ukiusogeza karibu zaidi, ngazi inakaribia kuanguka chali pamoja na wewe.

Ngazi ya mita 5, mguu mita 1.25. Tano kwa tano ni 25. 1.25 kwa 1.25 ni 1.5625. Toa, unabaki na 23.4375. Kipeuo chake cha pili ni 4.84. Kichwa cha ngazi kinafika mita 4.84.

Ngazi ya mita 6, mguu mita 1.5. Sita kwa sita ni 36, toa 2.25, unabaki na 33.75. Kipeuo chake ni 5.81.

Kwa hiyo ya mita 5 inauzidi ukuta wetu kwa sentimita 4, yaani upana wa vidole viwili. Ya mita 6 inauzidi kwa mita 1 na kidogo. Shikilia tofauti hiyo, tutairudia.

Je, nikisogeza mguu, ngazi fupi itatosha?

Hili ndilo jaribu la kila mwenye ngazi fupi: "Nitaisogeza karibu kidogo, itafika." Tazama jedwali hili, vipimo vyote ni kwa mita.

| Mguu kutoka ukutani | Ngazi ya 5 inafika | Ngazi ya 6 inafika |
|---|---|---|
| 1.0 | 4.90 | 5.92 |
| 1.25 | 4.84 | 5.87 |
| 1.5 | 4.77 | 5.81 |
| 2.0 | 4.58 | 5.66 |
| 3.0 | 4.00 | 5.20 |

Shuka na safu ya katikati polepole. Kutoka mita 1 hadi 1.5, mguu umesogea nusu mita nzima, lakini kichwa kimeshuka sentimita 13 tu. Kutoka mita 2 hadi 3 kichwa kinaporomoka sentimita 58. Ngazi ikiwa karibu na wima, kusogeza mguu hakubadilishi kimo kwa kiasi cha maana. Ikiwa imelala sana, kila hatua ya mguu inauma.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: ngazi ya mita 5 iliyowekwa vizuri imeshafika 4.84, na hata ukiigandamiza ukutani wima kabisa haiwezi kupita 5. Kwa kuisogeza unachoweza kupata ni sentimita 16, na huwezi kuzipata zote bila kujitafutia msiba. Kimo hakinunuliwi kwa mguu wa ngazi, kinanunuliwa dukani.

Swali hili lenyewe ni la kale kuliko Pithagorasi. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna kibao cha udongo kutoka Babeli, cha zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, chenye swali la boriti ya urefu wa 30 iliyoegemezwa wima ukutani. Kichwa kikishuka 6, mguu umetoka kiasi gani? Jibu ni 18. Kichwa kimeshuka kidogo, mguu umetembea mara tatu ya hapo. Ni jambo lile lile la jedwali letu, ila wao walilitazama kutokea upande wa pili.

Kipeuo kamili au njia ya mkato?

Kikokotoo cha simu kina alama ya √. Kwenye simu nyingi hujitokeza ukiilaza simu ubavu. Kama haipo, jaribu kwa kukisia: 4.8 kwa 4.8 ni 23.04, na 4.9 kwa 4.9 ni 24.01. Namba yetu 23.44 iko kati yao, karibu zaidi na ya kwanza, kwa hiyo jibu ni 4.8 na kidogo. Kwa ngazi, hiyo inatosha kabisa.

Ila kuna njia ya mkato ambayo mimi naipenda kuliko kikokotoo, kwa sababu inafanyika kichwani ukiwa umesimama dukani. Zidisha umbali wa mguu kwa wenyewe, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa ngazi. Unachopata ndicho ngazi inachopoteza. Kwa ngazi ya 5: 1.5625 gawanya kwa 10 ni 0.156, yaani inapoteza sentimita 16, inabaki 4.84. Kwa ngazi ya 6: 2.25 gawanya kwa 12 ni 0.19, inabaki 5.81. Majibu ni yale yale mpaka sentimita.

Mkato huu una mpaka wake. Unafaa ngazi inaposimama vizuri, mguu ukiwa robo au karibu na hapo. Ngazi ya 5 yenye mguu wa mita 3, mkato unakupa 4.10 wakati kweli ni 4.00. Na kosa lake siku zote ni la kuongeza, haupunguzi kamwe, jambo ambalo kwa mpanda ngazi ndilo baya. Kwa hiyo dukani tumia mkato, na pale ambapo ngazi italazimika kulala zaidi ya kawaida, tafuta kipeuo.

Ukiubeba mkato huu hatua moja zaidi unapata kipimo cha kukumbuka: mguu ukiwa robo, ngazi hupoteza kama sentimita 3 kwa kila mita ya urefu wake. Ngazi ya 4 inapoteza kama 13, ya 5 kama 16, ya 6 kama 19. Hicho ndicho tutakitumia sasa kukamata majibu ya uongo.

Kukagua jibu: ukaguzi upi unakamata nini

Watu wengi wakiambiwa "kagua jibu" wanarudia hesabu ile ile kwa njia ile ile, na wanapata kosa lile lile. Kuna ukaguzi wa aina tatu, na haufanyi kazi moja.

Wa kwanza ni wa mipaka. Kimo lazima kiwe pungufu ya urefu wa ngazi, na lazima kizidi ngazi ukitoa umbali wa mguu. Kwa ngazi ya 5 yenye mguu wa 1.25, jibu lolote liwe kati ya 3.75 na 5. Mtu aliyejumlisha badala ya kutoa anapata kipeuo cha 26.56, yaani 5.15. Ngazi ya mita 5 ifike mita 5.15? Haiwezekani, jibu linajikataa lenyewe. Aliyesahau kipeuo anaandika mita 23.4, ambacho ni kimo cha jengo la ghorofa kadhaa. Aliyezidisha kwa mbili badala ya kuzidisha namba kwa yenyewe, yaani 10 toa 2.5, anaishia 2.74, chini ya mpaka. Na aliyetoa moja kwa moja, 5 toa 1.25, anapata 3.75, namba inayoonekana ya heshima. Lakini imekaa juu ya mpaka wenyewe, na kukaa mpakani maana yake pembetatu imebanwa mpaka imekuwa mstari: ukuta wenyewe umelala chini pamoja na ngazi.

Wa pili ni wa kurudisha. Chukua jibu, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha na mguu uliozidishwa kwa wenyewe, uone kama unarudi kwenye ngazi. 4.84 kwa 4.84 ni 23.43, jumlisha 1.56, unapata 24.99. Ni 25, tofauti ni ya kukadiria desimali. Ukaguzi huu unakamata kosa ambalo mipaka hailioni: mtu aliyezidisha ngazi kwa yenyewe akasahau kufanya hivyo kwa mguu. Anatoa 25 toa 1.25, anabaki na 23.75, kipeuo 4.87. Limo ndani ya mipaka na linafanana sana na jibu la kweli. Ukilirudisha unapata 25.28, na hapo ndipo linapoumbuka. Unaweza kusema sentimita 3 si kitu, lakini kosa hilo hilo mguu ukiwa mita 3 linakupa 4.69 badala ya 4.00.

Wa tatu ni wa uwiano, na huu ndio ninaouamini kuliko yote, kwa sababu unakamata kosa ambalo mengine mawili yanalipitisha likicheka. Fundi amepima mguu kwa futi, akapata 4. Ngazi imeandikwa mita 5. Anaandika 25 toa 16, anabaki na 9, kipeuo ni 3. Jibu limenyooka, halina hata desimali! Mipaka inalikubali, maana 3 iko kati ya 1 na 5. Ukirudisha, 9 jumlisha 16 ni 25 barabara. Kila kitu kinasema sawa, na kila kitu ni uongo, kwa sababu futi 4 ni mita 1.22. Kurudisha kunakagua hesabu, hakukagui vipimo ulivyoingiza.

Uwiano unauliza swali jingine: ngazi ya mita 5 iliyosimama vizuri inapoteza kama sentimita 16, vipi hii imepoteza mita 2 nzima? Ama ngazi imelala kama ya kupandia mashua, ama kuna kipimo kimechanganywa. Nenda kaiangalie ilivyosimama na utajua mara moja ni lipi.

Kama una muda wa ukaguzi mmoja tu, fanya wa uwiano. Kama ni mwanafunzi na jibu litasahihishwa, fanya wa kurudisha. Na kama ukuta haujapigwa lipu, usidharau kuhesabu kozi za tofali: tofali la saruji la inchi 6 lina kimo cha inchi 9, pamoja na udongo wa katikati kila kozi ni kama sentimita 24 au 25. Ukuta wa mita 4.8 una kozi kama 20. Hesabu yako ikisema ngazi inafika juu na macho yako yanaona kozi tatu zimebaki, yaamini macho.

Basi ununue ipi?

Inategemea unapanda kufanya nini, na jibu langu litawashangaza waliokuja na mawazo ya mita 5.

Kwa kupanda juu ya paa, ni ya mita 6, bila mjadala. Mtu anayetoka kwenye ngazi kuingia paani anahitaji pa kushika wakati anavuka. Desturi ni ngazi ipite ukingo kwa futi 3, kama mita 1. Kwa kuwa ngazi inaegemea ukingoni na sehemu yake inabaki hewani, robo hapa inahesabiwa hadi inapogusa: kimo cha 4.8, mguu kama mita 1.2. Kutoka mguuni hadi ukingoni ni kipeuo cha 23.04 jumlisha 1.44, yaani mita 4.95. Inabaki mita 1.05 ya ngazi juu ya ukingo, ambayo kwa wima ni mita 1.02. Ni kama ilipimwa kwa ajili ya ukuta huu.

Ya mita 5 kwenye ukuta huo huo ina sentimita 4 za ziada. Ukingo unaishika kwenye ncha kabisa, na ikitikisika kidogo, au mguu ukizama kwenye mchanga, ncha inachomoka ukingoni na kuangukia ndani au kuteleza chini ya ukuta. Hakuna pa kushika. Mtu anavuka kwa kukumbatia ukuta.

Kwa kupaka rangi nako ya mita 5 haina nafasi. Hapo unataka kichwa cha ngazi kiegemee kwenye uso wa ukuta, chini ya ukingo kwa raha. Ngazi ya 5 ikisimama vizuri imeshapita ukingo. Ili kuirudisha chini inabidi uilaze, mguu mita 1.5 au zaidi, na kuilaza ndiko kunakoifanya iteleze. Ya mita 4, mguu mita 1, inafika 3.87. Vipandio vitatu vya juu havikanyagwi, na kwa kuwa vinapishana kama sentimita 30, nyayo zako ziko kama mita 0.9 chini ya kichwa cha ngazi, yaani kwenye mita 2.97. Mtu mzima akiinua mkono wenye brashi anafika karibu mita 2 juu ya nyayo zake. Umefika ukingoni, kwa ngazi fupi, nyepesi na ya bei nafuu zaidi.

Kwa hiyo kwa ukuta wa 4.8 ngazi ya mita 5 ni fupi kwa paa na ndefu kwa rangi. Ingefaa ukuta wa mita 3.8 kwa kupanda, au wa mita 5.5 kwa kupaka. Si mbaya, imekutana na ukuta usio wake.

Kabla ya kulipa, na kabla ya kupanda

Uliza urefu huo ni mita au ni futi. Ngazi nyingi za alumini hutengenezwa kwa futi, na muuzaji anayekutajia "mita 5" pengine ameshika ya futi 16, ambayo ni mita 4.88. Mguu futi 4: 256 toa 16 ni 240, kipeuo ni futi 15.5, sawa na mita 4.72. Haifiki hata ukingoni. Ya futi 20 kwa upande wake ni mita 6.1, na ikiwekwa robo inafika karibu mita 5.9. Kama ni ngazi ya kuvuta yenye vipande viwili, usijumlishe vipande: lazima vilaliane, na sehemu inayolaliana haihesabiwi. Ivute pale pale dukani, ipime kwa futi kamba.

Halafu ardhi. Kimo ambacho kanuni inakupa kinahesabiwa kutoka usawa wa mguu wa ngazi. Uwanja ukishuka kuelekea mtaroni, na mguu ukakaa sentimita 30 chini ya msingi wa ukuta, ukuta wa 4.8 sasa ni wa 5.1 kwa ngazi hiyo. Ile mita 1.02 ya kushika ya ngazi ya 6 inashuka hadi sentimita 72. Nyosha uzi wenye pima maji kutoka ukutani hadi unapotaka kuweka mguu, upime pengo, uliongeze kwenye kimo cha ukuta kabla ya kuanza hesabu.

Na kama nyumba yako si ya paa lililofichwa, ina mabati yaliyotokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60, ngazi haigusi ukuta kabisa, inagusa ukingo wa paa. Pembetatu yako basi haianzii ukutani, inaanzia chini ya ukingo huo. Dondosha timazi kutoka ukingo wa bati, weka alama inapogusa ardhi, na hiyo mita 1.2 ya mguu uipime kutoka kwenye alama. Kutoka ukutani itakuwa mita 1.8. Anayepima 1.2 kutoka ukutani anabaki na sentimita 60 tu za kweli chini ya kimo cha 4.8, moja kwa nane badala ya moja kwa nne, na ngazi hiyo ukifika juu inakurudisha chali.